Kuingia kwenye biashara ya familia au kushika njia yako: piga hesabu kabla ya kumjibu baba

Mzazi mwenye biashara akimwita mwanawe nyumbani huwa hatumii lugha ya mkataba. Husema tu, "Njoo tusaidiane, kwani haya yote ni ya nani?" Ndani ya kauli hiyo mna ajira, umiliki na urithi, vyote vimefungwa kwenye furushi moja. Mtoto anayeitikia "sawa, baba" hajui ameitikia lipi kati ya hayo matatu, na mara nyingi baba mwenyewe hajaamua.

Ndiyo maana ulinganisho huu siuanzi na vipaji wala mapenzi ya kazi, mambo ambayo kila mtu ameshaambiwa ayafikirie. Naanza na kulifungua furushi. Mwaka 1978, Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard walichora maduara matatu yanayoingiliana: familia, umiliki na biashara yenyewe. Mchoro ni wa kawaida kabisa, lakini unatatua jambo kubwa. Unaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mwanafamilia asiye na hisa hata moja, au mwenye hisa asiyefanya kazi pale, au mfanyakazi wa kila siku asiyemiliki chochote. Kumbe swali la "niingie au nisiingie" lina majibu zaidi ya mawili. Ukiwa mwanahisa unayehudhuria kikao cha mwaka huku umeajiriwa kwingine, hujaikimbia familia. Na ukiwa unafungua ofisi alfajiri na kuifunga usiku bila karatasi yoyote ya umiliki, wewe ni mwajiriwa, hata kama kila mteja anakuita bosi mdogo.

Hesabu ya miaka minane

Tuchukue mfano wa kubuni, tuutembeze mpaka mwisho. Binti mmoja amesomea uhasibu. Baba yake ana kampuni ya uchapaji, na binti ana wadogo wawili ambao wameajiriwa kwingine. Ili tusishikwe na sarafu ya nchi yoyote, tuseme mhasibu wa kiwango chake huko nje analipwa 100 kwa mwezi. Baba anamlipa 60. Anaishi kwenye nyumba ya familia bila kodi, na kodi hiyo angelipa 15. Kwa hiyo anachopata kweli ni 75, na kila mwezi anaacha 25 mezani. Miaka 8 ni miezi 96. Amekwishaacha 2,400, yaani mshahara wa soko wa miaka 2 kamili.

Yeye mwenyewe hasemi ameacha. Anasema anawekeza, kwa sababu biashara itakuwa yake. Basi tuangalie amewekeza kwenye nini.

Vitabu vinaonyesha kampuni inapata faida ya 1,800 kwa mwaka. Inapendeza. Lakini faida hiyo imebebwa na watu wawili wasiolipwa inavyostahili. Akiondoka binti, kampuni italazimika kuajiri mhasibu wa 100 badala ya 60, na hiyo ni 480 zaidi kwa mwaka. Baba naye anachukua 50 kwa mwezi, ilhali meneja wa kufanya kazi zake angedai 120. Tofauti ni 70 kwa mwezi, sawa na 840 kwa mwaka. Toa 480, toa 840, kinachobaki ni 480. Hiyo ndiyo faida ya biashara. Kilichobaki kilikuwa jasho la baba na binti lililoandikwa kwenye safu isiyo yake.

Mnunuzi wa kampuni ndogo kwa kawaida hulipa faida halisi ya miaka michache tu, mara nyingi 2 hadi 4. Tuchukue 3, inakuwa 1,440. Baba akifariki na kuacha wosia wa kugawa sawa kwa watatu kama wazazi wengi wanavyopenda, kila mtoto anapata 480. Binti aliyeacha 2,400 anapokea sawasawa na wadogo zake waliolipwa mishahara yao kamili muda wote huo. Hata wadogo wakimwonea huruma wakamwambia "dada, chukua yote", bado hajarudisha alichotoa.

Hapo sijagusa jengo na mashine, na ni lazima ziguswe. Mashine zikiuzwa zikaleta zaidi ya hiyo 1,440, basi thamani ya kampuni ni hiyo ya mashine. Jengo mara nyingi halipo kwenye kampuni kabisa, hati ina jina la mzazi. Maana yake linarithiwa kivyake, na kesho mrithi mwingine anaweza kuidai kampuni kodi ambayo haijawahi kulipwa. Uliza hati ina jina la nani kabla hujauliza cheo chako kitaitwaje.

Sasa badilisha tarakimu moja tu. Faida ya vitabuni ikiwa 6,000, ukitoa zile 480 na 840 unabaki na 4,680 kwa mwaka. Kwa kipimo kile kile kampuni ina thamani ya 14,040, na theluthi yake ni 4,680, karibu mara mbili ya alichoacha. Hapo kuingia kuna maana hata bila upendeleo wowote. Kwa hiyo mimi sisemi biashara za familia hazilipi. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua kama inalipa kwa kuangalia gari la baba au wingi wa wateja mlangoni. Omba hesabu za miaka 3 iliyopita, umlipe kila mtu kwenye karatasi mshahara wa soko, kisha uangalie kinachobaki. Mzazi akikataa kukuonyesha hesabu hizo, hilo nalo ni jibu, na huenda ni muhimu kuliko hesabu zenyewe.

Neno la mwisho ni la nani

Fedha inahesabika. Madaraka hayahesabiki, ila yana dalili zake, na moja huonekana mapema sana. Binti yule yule anaamua kwamba mteja mwenye deni la miezi 4 asichapishiwe kazi mpya mpaka alipe. Fundi wa mashine anamsikiliza, anaitikia kwa adabu, anatoka nje uani na kupiga simu. Dakika chache baadaye anarudi: "Mzee amesema tumfanyie tu, ni mtu wake wa siku nyingi." Hakuna aliyemtukana wala kumgombeza. Lakini kuanzia siku hiyo kila mtu pale kazini ameshajua simu inapigwa wapi.

Baba hakufanya hivyo kwa ubaya. Kwake yeye mteja yule si deni, ni mtu aliyemwamini wakati hana hata mashine ya pili. Ndiyo hali ya biashara iliyoanzishwa na mtu mmoja: sera zake nyingi ziko kichwani, na zimechanganyika na shukrani za zamani. Mrithi akiuliza kwa nini jambo linafanywa hivi, anasikika kama anayeuliza kwa nini baba aliishi hivyo.

Huko nje nako bosi anaweza kukupindua, tena bila hata kukupa sababu. Tofauti ni kwamba bosi wa nje humkuti nyumbani jioni, na ukiacha kazi hujamwacha mzazi. Zaidi ya hayo, wa nje akikupandisha cheo unaamini umestahili. Mtoto wa mwenye mali anaweza kufanya kazi kwa bidii miaka 15 asijue kama ana uwezo au ana jina tu, na wafanyakazi wenzake wasijue vilevile. Shaka hiyo ni gharama, ingawa haiingii kwenye vitabu.

Ukitaka kupima kabla ya kuingia, usiulize "nitakuwa na mamlaka?" Utajibiwa ndiyo. Uliza mambo yanayoshikika: nitaidhinisha malipo mpaka kiasi gani bila kukuuliza? Benki watakuwa na saini ya nani? Fundi akikupigia simu baada ya mimi kukataa, utamjibu nini? Swali la tatu ndilo la kumwangalia usoni anapojibu.

Kuna saini moja ya kuiogopa. Kampuni ikikopa, benki inaweza kudai dhamana binafsi, na mzazi aliyekwishazeeka hupenda "kijana naye asaini". Ukisaini, deni linakufuata hata ukiondoka, hata kampuni ikifa. Kubeba deni la mali isiyo yako ni hasara ya pande zote mbili. Hisa zije kwanza, au angalau siku moja na saini hiyo.

Njia yako nayo ina bei yake

Wanaosifu kujitegemea huwa wanasahau kutaja kile unachokiacha mlangoni. Mtu anayeanzisha kampuni yake ya uchapaji leo hatapewa karatasi kwa mali kauli na msambazaji asiyemjua. Atalipa taslimu, ilhali baba anapewa siku 60 kwa kupiga simu tu. Hajui mteja gani hulipa akikumbushwa na yupi hulipa akitishiwa wakili. Hana mashine iliyokwishalipiwa. Vitu hivyo havionekani kwenye mizania, na ndivyo mtoto wa ndani anavyovipata bure. Kama unapenda kazi ileile anayoifanya mzazi wako, kwenda kuianzisha upya mtaa wa pili kwa ajili ya heshima tu ni ukaidi wa gharama kubwa, na zaidi ya hapo utakuwa mshindani wake.

Kwa anayekwenda kuajiriwa, bei ni nyingine. Hatarithi sauti. Siku kampuni inapouzwa au kubadilishwa, yeye atasikia kwa simu. Wadogo zake walioingia watakuwa na haki ya kumuuliza alikuwa wapi, na jibu zuri halitakuwepo.

Lakini njia hizi mbili hazilingani kwa jambo moja ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: urahisi wa kugeuka. Aliyeanza nje akarudi nyumbani baada ya miaka 4 anarudi na taaluma, na mshahara unaojulikana, na makosa aliyoyafanya kwa fedha za watu wengine. Aliyeanza ndani akataka kutoka baada ya miaka 8 anakwenda kutafuta kazi akiwa na mdhamini mmoja, mwenye jina la ukoo sawa na lake. Cheo cha "meneja mkuu" alichopewa akiwa na miaka 24 hakimsaidii, pengine kinamharibia, na mshahara wake wa 60 unamshusha anapojadiliana. Ndiyo maana familia nyingi zenye biashara kubwa zimejiwekea kanuni kwamba mtoto afanye kazi nje miaka 3 hadi 5 kabla ya kuomba nafasi, na nyingine zinadai awe amepandishwa cheo huko. Ni kanuni nzuri hata kwa kampuni ya watu 6.

Kama mzazi ana afya na biashara inakwenda, basi, ningeanza nje. Kama mzazi ameugua ghafla au kampuni inazama, jambo ni jingine: nenda, lakini uende kama meneja wa muda, kwa mshahara wa kazi hiyo na tarehe ya mwisho, tuseme miezi 6. Mtu anayeitwa kuzima moto hapaswi kujikuta ameitikia urithi.

Kuzungumza na wazee

Matarajio ya mzazi mara nyingi huvaa nguo ya amri huku ndani yake kuna maswali. Anaposema "sikujenga hii ili ije iuzwe", huenda anauliza atakula nini akistaafu. Anaposema "mimi nazeeka", huenda anawaza wafanyakazi aliokaa nao miaka 20. Wakati mwingine anauliza tu kama alichokifanya kilikuwa na maana kwako. Kila swali lina jibu lake, na mtoto mwenyewe kukaa kwenye kiti cha baba ni jibu mojawapo tu. Meneja anaweza kuajiriwa. Wafanyakazi wanaweza kuuziwa kidogo kidogo. Mpwa au mkwe anaweza kufaa kuliko mwana. Kampuni ya Suzuki iliongozwa kwa miongo kadhaa na Osamu Suzuki, ambaye alizaliwa kwenye ukoo wa Matsuda, akaoa mjukuu wa mwanzilishi mwaka 1958, akachukuliwa rasmi kuwa mtoto wa ukoo, na kushika urais wa kampuni mwaka 1978. Japani desturi ya kumpa jina la ukoo mkwe anayeiweza kazi ni ya zamani. Waliodumu sana hawakudumu kwa kumlazimisha mzaliwa.

Kwa hiyo jibu la kukataa lisije mikono mitupu, wala lisije mezani mbele ya wageni. Mtafute mzazi peke yake, akiwa hana haraka. Kitu kama hiki kinatosha:

"Baba, nimelifikiria ulilonieleza. Kwa miaka minne ijayo ningeomba nibaki huku nilipo. Sijaitupa kazi yako. Kila mwisho wa mwezi nitakuja kukagua vitabu, na ningependa tumtafute pamoja meneja wa kukupunguzia mzigo. Miaka hiyo ikiisha tukae tena, na kama wakati huo utaona mwingine anafaa zaidi yangu, sitanung'unika."

Jibu hilo lina muda, kazi inayojulikana na ruhusa ya kumchagua mwingine. Hiyo ruhusa ya mwisho wengi huisahau: wanataka kukataa kiti na bado kiwekwe wazi kwa ajili yao. Na ukiahidi kuja kila mwisho wa mwezi, njoo. Mzazi atasamehe kukataliwa upesi kuliko atakavyosamehe ahadi ndogo iliyovunjwa.

Kukubali nako kunahitaji mazungumzo, tena magumu zaidi, kwa sababu kudai karatasi kwa mzazi kunasikika kama kumwona mwongo. Hapo msaada wa mjomba, shangazi au mhasibu wa siku nyingi wa kampuni una thamani. Mwache yeye aseme, "Tuandike ili watoto wasije kugombana," kwa sababu kauli hiyo inamlinda mzazi pia. Kinachoandikwa hakihitaji kurasa nyingi. Mshahara uwe wa soko, au pengo lake liandikwe kama deni la kampuni kwako. Thamani ya kampuni siku unayoingia itajwe, ili ukuaji wa baadaye ujulikane umeanzia wapi. Hisa zije kwa mwaka uliotumikia, kwa mfano asilimia 3 kila mwaka unapokamilika, badala ya siku moja isiyojulikana. Paandikwe pia tarehe ya mzazi kukabidhi saini za benki, na mtu wa tatu atakayeamua mkishindwa kuelewana.

Wadogo na wakubwa zako wasomewe karatasi hiyo kabla haijasainiwa, baba akiwepo. Yule binti wa uchapaji akipewa asilimia 24 kwa miaka yake 8 huku ndugu zake wakisikia kwa mara ya kwanza siku ya kusoma wosia, watasema alimzunguka mzee. Wakisikia mapema, tena kutoka kinywani mwa mzee mwenyewe, wengi huona ni haki, na asiyeona ana nafasi ya kulisema wakati bado kuna wa kumjibu.

Na kama tayari uko ndani miaka mingi bila karatasi? Usianze na hisa. Anza na mshahara, kwa sababu ndicho kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukikubali bila kugusa urithi. Tafuta matangazo matatu ya kazi kama yako, peleka viwango vyake, omba ulipwe hivyo kuanzia mwaka mpya wa hesabu. Mzazi akikubali, mazungumzo ya hisa yatafuata yakiwa mepesi, kwa kuwa sasa faida inayoonekana vitabuni ndiyo faida yenyewe. Akisema kampuni haiwezi kulipa kiwango hicho, basi mmegundua pamoja kwamba biashara hiyo haiwezi kumlisha mrithi wake, na kikao kinachofuata kiwe cha kuamua kama inapunguzwa, inauzwa, au anaachiwa mzee aiendeshe mpaka atakapochoka.